Wasifu wa timu haufanani kwenye tovuti: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Ukurasa wa "Timu Yetu" ukionekana vurugu, watu wengi hulaumu picha au mpangilio wa tovuti. Mara nyingi tatizo liko kwenye maneno. Mkurugenzi ana aya nne, mhasibu ana sentensi mbili, dereva ameandikiwa neno "Dereva" basi. Mmoja anasema "nimefanya", wa pembeni yake "amefanya", wa tatu anaanza na shule ya msingi aliyosoma.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: ofisi ya wapima ardhi na wapangaji miji mjini Dodoma, watu tisa, wenye kazi za urasimishaji wa makazi na upimaji wa mashamba. Ofisi ya aina hii inafaa kwa sababu ina watu wa viwango vyote, kuanzia mwenye shahada mbili hadi anayeshika juani prizma, kile kioo ambacho mashine ya kupimia hukilenga, na wote wanapaswa kukaa kwenye ukurasa mmoja bila yeyote kuonekana ameongezwa baadaye.

Dalili ya kwanza: mmoja ana maneno 200, mwingine ana 11

Haraka haraka mtu husema huyu anapenda kujieleza na yule ni mvivu wa kuandika. Ukifuatilia, utakuta wote walipokea ujumbe uleule kwenye kundi la WhatsApp la ofisi: "Naomba kila mtu anitumie wasifu wake kabla ya Ijumaa." Ujumbe huo hausemi urefu, hausemi ni kwa ajili ya nani, wala hausemi uanzie wapi. Kila mtu akatafuta kilicho karibu. Mkurugenzi alikuwa na maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya zabuni, ambako ofisi hupewa alama kwa uzoefu wa wataalamu wake, ndiyo maana yakawa marefu. Mpima mwandamizi akakata kipande cha barua yake ya kuombea kazi. Mhasibu hakuwa na chochote, akaandika "Nimeajiriwa hapa kama mhasibu. Napenda kazi yangu na kushirikiana na wenzangu."

Kwa hiyo kabla ya kukata au kuongeza, muulize kila mtu maandishi yake yametoka wapi. Ukishajua chanzo, utajua pia cha kufanya. Maandishi ya zabuni hayapunguziki vizuri hata ukiyakata nusu, kwa sababu yaliandikwa kumshawishi mtathmini, na yamejaa thamani za miradi na majina ya wateja. Yaache kwenye faili la zabuni, anza upya.

Kuanza upya maana yake ni kuacha kuomba wasifu na kuanza kuuliza maswali. Maswali matatu yanatosha, na majibu yake huja vizuri zaidi kwa simu au kwa ujumbe wa sauti kuliko kwa maandishi, hasa kwa wale ambao kazi yao si ya kuandika:

Usipokuja kazini wiki nzima, ni kazi gani itasimama?
Taja kitu kimoja ulichofanya hapa ambacho mwenzako anaweza kukithibitisha.
Umesomea au kusajiliwa wapi, na uko hapa tangu lini?

Majibu hayo ndiyo sentensi tatu za wasifu, kwa mpangilio huohuo. Mtu mmoja tu ndiye aandike za wote. Watu tisa wakijiandikia wenyewe, hata kwa maswali yaleyale, utapata sauti tisa, kisha utatumia muda mwingi zaidi kuzisawazisha kuliko ambao ungetumia kuziandika.

Urefu wenyewe upange kwa kumwangalia mwenye machache zaidi ya kusema, wala si kwa wastani. Ukiweka kipimo kwa kumwangalia mkurugenzi, dereva atajaziwa maneno matupu, na msomaji huyaona mara moja. Andika wasifu wa dereva kwanza, uandike kwa heshima na ukamilifu, kisha urefu wake uwe sakafu. Kwa ofisi yetu ya mfano uliandikwa hivi:

"Anaendesha gari la uwandani, anatunza vifaa vya upimaji na hushika prizma kazi inapoanza. Anajua njia zipi hukatika mvua zinapoanza Desemba, kwa hiyo ratiba ya kwenda vijijini hupangwa baada ya kumsikiliza yeye. Alijiunga na ofisi mwaka 2016 baada ya kuendesha malori ya mizigo barabara ya Dodoma na Singida."

Hizo ni herufi 308 ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Basi kipimo cha ofisi kikawa herufi 300 hadi 350, na hakuna aliyehitaji kujazwa wala kubanwa sana.

Dalili ya pili: maneno ni sawa kwa idadi, lakini visanduku havilingani

Hii huwashangaza waliokwisha jitahidi. Wameweka sheria ya "maneno 50 kila mtu", wamehesabu, na bado kisanduku kimoja kimeshuka mistari miwili chini ya jirani yake.

Chanzo ni kuhesabu maneno. Kiswahili kina maneno kama "na", "ya" na "wa" yanayohesabiwa sawa na "inayomkutanisha", ilhali moja lina herufi mbili na jingine 15. Angalia wasifu hizi mbili za ofisi yetu. Wa mpima mwandamizi:

"Anaongoza timu ya upimaji uwandani, kuanzia kutafuta alama za zamani hadi kuwasilisha ramani kwa idhini. Tangu 2019 amesimamia upimaji wa viwanja vya urasimishaji katika kata za pembezoni mwa Dodoma, kazi inayomkutanisha kila siku na wamiliki wanaobishania mipaka. Alihitimu Shahada ya Jiomatikia Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2011."

Na wa mhasibu:

"Anashughulikia ankara, malipo ya vibarua wa uwandani na marejesho ya kodi ya ofisi. Ndiye aliyeanzisha utaratibu wa kumpa kila mteja stakabadhi kwa kila awamu ya malipo, hivyo deni la kiwanja linajulikana muda wowote mteja anapouliza. Amesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na yupo ofisini tangu 2021."

Wa kwanza una maneno 46, wa pili 51. Kwa sheria ya maneno ungesema wa pili umezidi. Lakini kwa herufi wa kwanza ni 325 na wa pili 326, na kwenye ukurasa vinakaa karibu sawa kabisa. Hesabu herufi. Ukiwa na jedwali la Google Sheets lenye wasifu kwenye safu ya C, weka hii kwenye safu ya D uishushe hadi mtu wa mwisho:

```
=LEN(TRIM(C2))
```

Sehemu ya `TRIM` huondoa nafasi za ziada zinazoingia maandishi yanaponakiliwa kutoka kwenye simu. Kama tovuti ina lugha mbili, kila lugha ipewe safu yake na kipimo chake. Usitegemee urefu wa Kiingereza ukuambie urefu wa Kiswahili.

Herufi zikilingana na visanduku bado havilingani, sasa ndipo uangalie tovuti: huenda mtu mmoja ana cheo kirefu kinachochukua mistari miwili juu ya wasifu, au kuna mstari mtupu ulioachwa mwishoni mwa maandishi yake.

Dalili ya tatu: "nime" hapa, "ame" pale

Hapa ndipo sauti inapovunjika, na msomaji huhisi hata kama hawezi kueleza kimemsumbua nini. Nafsi ya kwanza ina uzuri wake kwa ofisi ya watu wawili au watatu, ambako mteja atazungumza na mwenye ofisi moja kwa moja. Kwa watu tisa napendekeza nafsi ya tatu bila kusita, kwa sababu ya wale wasiopenda kujitaja. Mwambie mhasibu mpole aandike "nimeanzisha utaratibu wa stakabadhi" atakataa, ataona anajisifu mbele ya bosi. Mwandike "ndiye aliyeanzisha" na atakubali, kwa kuwa ni mwingine aliyesema.

Kubadilisha nafsi kunaacha mabaki. Mtu hugeuza vitenzi vyote kisha anasahau "wenzangu" kwenye sentensi ya mwisho. Hii husaidia kuyanasa, na itaandika `TRUE` pale palipo na kosa:

```
=REGEXMATCH(C2,"(?i)\b(nina|nili|nime|nita|wangu|yangu|zangu|wenzangu)")
```

Usijaribu kufupisha kwa kutafuta kila neno linaloishia na "angu", maana "tangu" itanaswa, na wasifu nyingi zina "tangu". Tena fomula hii haioni "napenda" wala "naongoza", kwa hiyo bado kuna kusoma kwa macho.

Mabaki mengine hayana alama yoyote. Sentensi inayoanza "Ni mpima ardhi mwenye uzoefu" inaweza kuwa ya nafsi ya kwanza au ya tatu, hivyo aliyeandikiwa wasifu unaoanza hivyo huonekana yuko nusu ndani, nusu nje. Anza na kitenzi chenye "a": anaongoza, anashughulikia, anachora, anapokea. Hapo nafsi inajulikana kwenye herufi ya kwanza, na unapata faida nyingine: hulazimiki kurudia jina. Jina na cheo tayari viko juu ya wasifu.

Hili la jina linahusu pia vyeo vya heshima. Ukiacha kila mtu achague, utapata "Eng." kwa mmoja, "Mhandisi" kwa wa pili, "Dkt." kwa wa tatu, na "Bi." kwa mwanamke mmoja tu, kana kwamba wanaume wote ni majina matupu. Weka kanuni: cheo cha kitaaluma kikae kwenye mstari wa jina, kwa Kiswahili, kwa kila anayestahili, na "Bw." na "Bi." zitumike kwa wote au zisitumike kabisa. Ndani ya wasifu visirudiwe.

Nyakati za vitenzi nazo zina mahali pake. Kazi ya sasa iandikwe kwa "ana", kilichoanza zamani na kinaendelea kwa "ame", kilichokwisha kwa "ali". Mtu aliyeandikwa "alisimamia, alishiriki, alitoa mchango" bila kitenzi hata kimoja cha sasa, husomeka kama ameshaondoka ofisini.

Dalili ya nne: kila mmoja anaanzia mahali pake

Mpangaji miji alituma hivi: "Alizaliwa mwaka 1986 mkoani Singida, ambako alipata elimu yake ya msingi kabla ya kujiunga na sekondari…" Kazi anayoifanya leo ilikuwa kwenye sentensi ya sita. Simlaumu. Wasifu ambao wengi wetu tumeusikia ukisomwa kwa sauti, mara nyingi zaidi kuliko mwingine wowote, ni ule wa msibani, na pengine ule wa mgeni rasmi kwenye mahafali. Wote huanzia kuzaliwa na kupanda ngazi. Mtu akiambiwa "andika wasifu", ndio unaomjia.

Msomaji wa ukurasa huu ana haja tofauti. Ana kiwanja chenye mgogoro wa mpaka, anataka kujua nani atakuja uwandani na nani atapokea malipo. Kwa hiyo geuza: kazi ya leo kwanza, ushahidi wa pili, usuli wa mwisho. Namna ya kujua kama umefanikiwa ni rahisi: soma sentensi za kwanza pekee za watu wote tisa, moja baada ya nyingine. Zikikuonyesha jinsi kazi inavyotembea ofisini, kuanzia kumpokea mteja hadi kumkabidhi ramani, muundo umekaa. Ukisoma tatu ukakuta moja inazungumzia chuo, moja mkoa na moja "shauku", rudi kazini.

Tarehe ya kuzaliwa, kabila, hali ya ndoa na namba binafsi ya simu viondoke kabisa, hata kama mwenyewe ameviandika. Havimsaidii mteja. Na Tanzania tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo mwenye wasifu asome maandishi ya mwisho na kuyakubali kabla hayajapandishwa. Akubali kwa maandishi, hata kwa barua pepe fupi, ili uwe na pa kurejea.

Dalili ya tano: wengine "mahiri", wengine wa kawaida

Urefu sawa, muundo sawa, lakini mkurugenzi ni "mbobezi mwenye maono", mtaalamu wa ramani ni "mahiri", na mhudumu wa wateja hana sifa hata moja. Ukurasa umeshagawa watu kwa madaraja bila mtu kukusudia. Chanzo ni kwamba sifa hupanda pamoja na cheo: wa chini wanaogopa kujisifia, na mwandishi naye anaogopa kumpunguzia wa juu.

Suluhisho la kumwongezea kila mtu sifa moja halifanyi kazi, maana "mchapakazi" tisa kwenye ukurasa mmoja hazimwelezi yeyote. Ondoa zote, kisha kwa kila uliyoiondoa uliza imetokana na nini. "Mahiri" wa mtaalamu wa ramani ulitokana na jambo moja: yeye ndiye aliyeoanisha michoro ya zamani ya karatasi na vipimo vipya vya GPS, ofisi ikaacha kupima upya maeneo yaliyokwisha pimwa. Hilo likawa sentensi yake ya pili. "Mwenye maono" haikutokana na chochote kinachoweza kuandikwa, ikaondoka bila kuacha pengo.

Mkurugenzi huwa na neno katika hili, na ni haki yake. Usibishane naye juu ya sifa. Mpelekee ukurasa mzima uliokwisha pangwa, wasifu wake mrefu wa zamani ukiwa katikati ya nane mpya. Akiuona hapo, ataona mwenyewe kwamba wake ndio unaosomeka kama wa ofisi nyingine. Kama bado anahitaji maelezo marefu, kwa mfano kwa wafadhili au vyombo vya habari, yawekwe kwenye ukurasa wake binafsi unaofunguka kwa kubofya jina. Kwenye kisanduku cha timu abaki na herufi zisizozidi 350 kama wengine.

Dalili ya sita: sasa zote zimekuwa kitu kimoja

Haya ni madhara ya kurekebisha kupita kiasi. Kila wasifu unasema "Anasimamia… Amechangia… Alihitimu…", ukibadilisha majina hakuna atakayegundua. Kosa liko kwenye swali la pili ulilouliza: ulikubali jibu la jumla. "Nimeshiriki miradi mbalimbali" si jibu, rudi umuulize mradi gani, wapi, alifanya nini hasa. Sentensi ya kwanza na ya tatu zinapaswa kufanana kwa umbo. Ya pili iachwe iende kwa namna yake, ndefu kwa mmoja na fupi kwa mwingine, mradi jumla ya herufi isitoke nje ya kipimo. Jaribio ni kufunika majina na kumpa mfanyakazi yeyote wa ofisini asome sentensi za pili tu. Akimtambua kila mwenzake, zimekaa sawa.

Dalili ya saba: zilikuwa sawa Januari, Septemba zimeharibika

Mara nyingi vitu vitatu vimetokea. Mfanyakazi mpya ameingia na aliyempokea akabandika maandishi yake moja kwa moja kwenye tovuti. Mtu amepandishwa cheo, akabadilishiwa mstari wa juu lakini sentensi ya kwanza bado inaeleza kazi ya zamani. Na kuna "uzoefu wa miaka 8" ambao sasa ni tisa. La mwisho lizuie kwa kuandika mwaka wa kuanza, "tangu 2019", usiandike kamwe idadi ya miaka.

Mawili ya kwanza yanatokana na tovuti kuwa ndiyo nakala pekee. Lile jedwali ulilohesabia herufi ndilo liwe nakala kuu: jina, cheo, wasifu, urefu, tarehe ya kukubaliwa na mwenyewe. Hakuna kinachobadilishwa kwenye tovuti kabla ya kubadilishwa hapo. Kisha unganisha marekebisho na karatasi ambazo ofisi inazisaini hata hivyo. Siku mkataba mpya unaposainiwa, maswali matatu yanaulizwa hapohapo. Siku ya barua ya kupandishwa cheo, sentensi ya kwanza inaandikwa upya na mwenyewe anaipitia. Mtu akikabidhi vifaa na funguo za ofisi, mstari wake unahamishiwa kwenye karatasi ya pili ya jedwali na kisanduku chake kinatolewa siku hiyohiyo, kwa sababu mteja anayempigia mpima aliyeondoka miezi mitatu iliyopita huishia kupeleka kazi kwake huko aliko.